Sura ya Nne na Sentensi Iliyojificha Ndani Yake

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamivu, aliyetetea tasnifu yake miezi michache iliyopita, alikuja ofisini akiwa na makala aliyoikata kutoka sura ya tano. Alikuwa amepunguza maneno elfu ishirini hadi elfu kumi na moja, na mhariri wa jarida alikuwa ameirudisha baada ya siku nne, bila kuipeleka kwa wapitiaji. Aliniuliza akate wapi tena. Nilipoisoma nikaona kwamba nimeshawahi kuiandika makala ile ile, kwa mada nyingine, miaka mingi iliyopita, na kwamba nayo ilirudi vivyo hivyo. Nikaona ni vema nimsimulie kilichotokea, kisha nikaona ni vema nikiandike.

Sura yangu ya nne ilihusu mihutasari ya mikutano mikuu ya vijiji. Ilikuwa na maneno elfu ishirini na nne. Niliiandika kwa Kiingereza, kama tulivyo wengi wetu, kwa hiyo sentensi zake ninazozitaja hapa ni tafsiri yangu mwenyewe. Ilianza na Azimio la Arusha la mwaka 1967, ikapita kwenye kufutwa kwa serikali za mitaa mwaka 1972 na Operesheni Vijiji iliyofuata, ikaieleza sheria ya vijiji ya mwaka 1975, ikafika kwenye sheria ya mwaka 1982 iliyorudisha serikali za mitaa, ikatulia kidogo kwenye Tume ya Profesa Issa Shivji kuhusu ardhi, kisha ikaishia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hayo yalikuwa maneno elfu saba. Baada yake zikaja kurasa za nadharia, ambamo niliwapanga Goran Hyden, Andrew Coulson na James Scott na kumjibu kila mmoja. Halafu mbinu za utafiti. Ndipo msomaji alipokikuta kijiji cha kwanza, halafu cha pili, halafu cha tatu, kila kimoja na jiografia yake, mazao yake na historia ya uongozi wake.

Jarida nililolilenga lilitaka maneno elfu nane, marejeo yakiwamo. Nikafanya alichofanya mwanafunzi wangu: nikapunguza kila sehemu kwa uwiano ule ule. Historia ya elfu saba ikawa elfu mbili na kidogo, nadharia ikanyolewa, vijiji vikabaki vitatu lakini vyembamba. Umbo la sura halikubadilika hata kidogo. Mhariri aliandika mistari mitatu tu. Alisema mada ina maana, lakini hakuona makala inadai nini, na kwamba kijiji cha kwanza kinaonekana katika ukurasa wa kumi na mbili.

Niliudhika, kama mtu yeyote angeudhika. Baadaye nilielewa kwamba kupunguza kwa uwiano ndiyo njia ya hakika ya kuua sura. Kila sehemu inapoteza ushahidi wake na kubaki na madai yake, na madai yenyewe yako mengi, hakuna hata moja lililoachiwa nafasi ya kusimama. Tasnifu inavumilia wingi huo kwa sababu wasomaji wake wanalazimika kuisoma. Watahini wako watatu au wanne, wanapewa wiki kadhaa, na mojawapo ya kazi zao ni kuhakikisha kwamba mtahiniwa amesoma alichopaswa kusoma. Zile elfu saba za historia sikuziandikia wasomaji. Niliziandikia watahini, ili wasiniulize kwenye utetezi kama naijua Operesheni Vijiji. Mtu anayelisoma jarida hana haja ya kunipa alama.

Aliyenitoa hapo nilipokwama alikuwa mwalimu mwenzangu mkubwa kwangu, mwanahistoria, ambaye hakuwa na subira na mazungumzo marefu. Nilimweleza makala yangu kwa dakika kama kumi tukiwa tumesimama kwenye ngazi za jengo la idara. Akanisikiliza, kisha akasema, "Kaka, kwenye utetezi wako watahini walibishana nawe kuhusu nini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi hiyo ndiyo makala. Hayo mengine ulikuwa unawasalimia wakubwa."

Watahini walikuwa wamebishana nami kuhusu jambo moja lililokuwa katika ukurasa wa arobaini na moja wa sura hiyo, katikati ya aya iliyohusu kijiji cha kwanza. Nilikuwa nimeandika, kama mtu anayepita njia, kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji huandikwa kwa ajili ya msomaji aliye wilayani, na kwa hiyo ukimya wake kuhusu ubishi si ushahidi kwamba ubishi haukuwapo. Mtahini wa nje aliniuliza mara tatu nitajuaje hilo. Nilimjibu kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye mikutano kadhaa na daftari langu, na baadaye nikasoma mihutasari ya mikutano hiyo hiyo. Lakini jibu hilo halikuwamo katika sura kwa namna ambayo mtu angeliona. Mikutano niliyohudhuria ilitajwa katika mbinu za utafiti, mihutasari ikanukuliwa kurasa ishirini mbele, na hakuna mahali ambapo viwili hivyo viliwekwa ubavu kwa ubavu.

Kwa nini jambo hilo lilistahili makala yake? Sheria ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Idhini hiyo inajulikana kwa njia moja tu kwa mtu ambaye hakuwapo, nayo ni muhtasari. Afisa wa ardhi wilayani anausoma muhtasari. Hakimu akifikiwa na shauri atauliza muhtasari. Na mtafiti anayetaka kupima ushiriki wa wananchi huchukua mafaili ya mihutasari, akahesabu waliohudhuria na maazimio yaliyopita bila pingamizi. Ikiwa ubishi hauandikwi, basi mtafiti huyo anapima kitu kingine kabisa, na mwananchi aliyesimama mkutanoni akapinga shamba lake kutolewa hana pa kuonyesha kwamba alisimama.

Nilirudi nyumbani nikaandika sentensi ile juu ya karatasi tupu, nikaigeuza iwe dai: mihutasari ya mikutano ya vijiji haipimi ushiriki, inaonyesha kile ambacho viongozi wa kijiji wanataka wilaya ikijue. Kisha nikachapa sura nzima na kuipitia aya moja baada ya nyingine. Zilikuwa aya mia moja thelathini na moja. Pembeni mwa kila aya niliandika kwa penseli inafanya kazi gani, kwa maneno yasiyozidi saba, na chini yake nikajiuliza swali moja: nikiiondoa, je, dai linapungukiwa na kitu? Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Ilinisikitisha pia, maana pembeni mwa aya nyingi nilijikuta nikiandika maneno yale yale: inaonyesha nimesoma. Aya zilizohitajiwa na dai zilikuwa thelathini na nne, na nyingi kati ya hizo zilikuwa katika nusu ya mwisho.

Hapa nataka kusema kitu kuhusu usuli, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu wanapopata maumivu makubwa. Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni "fupisha usuli", na ushauri huo unampeleka mtu kwenye kosa la kwanza nililolieleza. Usuli haufupishwi kwa kubana maneno. Unavunjwavunjwa, kisha kila kipande kinachohitajika kinapelekwa mahali kinapofanya kazi. Sheria ya mwaka 1982, kwa mfano, nilikuwa nimeipa kurasa nne. Katika makala nilihitaji jambo moja tu kutoka kwake, kwamba mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Na nililihitaji mahali pamoja tu, pale ninapoeleza kwa nini mtendaji wa kijiji yuko chini ya shinikizo la kuwa na mihutasari minne kwenye faili kila mwaka. Sentensi moja, ndani ya ushahidi, si katika utangulizi. Kwa namna hiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilihamia kwenye aya ya pili ya makala, kwa sababu ndiyo inayompa msomaji hasara atakayoipata asipolijali dai. Azimio la Arusha halikupata mahali. Nililitafutia nafasi kwa juma zima, maana mtu wa fani yangu huona kama utovu wa adabu kuandika juu ya kijiji cha Tanzania bila kulitaja. Lakini hapakuwa na sentensi iliyoliitia.

Nadharia ilikwenda kwa haraka zaidi. Hyden, Coulson na Scott walikuwa wakijibu maswali juu ya dola na mkulima ambayo makala yangu haikuyauliza. Walibaki katika aya moja, na si kwa sababu ya heshima: nilihitaji kuonyesha kwamba wanapozungumzia serikali inayotaka kumwona mwanakijiji, hatujaambiwa vya kutosha jinsi kijiji chenyewe kinavyoamua kionekane vipi. John Swales, mtaalamu wa isimu aliyechunguza tangulizi za makala za kitaaluma, alieleza mwaka 1990 kwamba tangulizi hizo huelekea kufanya mambo matatu: kuonyesha uwanja, kuonyesha pengo ndani ya uwanja, na kulikalia pengo hilo. Sura yangu ilikuwa imetumia maneno elfu kumi na moja kuonyesha uwanja. Pengo lilikuwa na sentensi moja.

Lakini kilichobadilisha makala hasa hakikuwa kukata. Kilikuwa kupanga upya, na hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuitarajia na hasara ambayo niliistahili.

Sura ilikuwa imepangwa kwa vijiji. Mpangilio huo ni wa starehe kwa mwandishi, maana unafuata safari yake: nilienda hapa, kisha pale, kisha kule. Dai langu, hata hivyo, lilikuwa na hatua tatu ambazo hazikuwa vijiji: kinachosemwa mkutanoni, kinachoandikwa, na anayekisoma. Nikachukua karatasi tatu, moja kwa kila hatua, nikahamishia juu yake kila ushahidi kutoka kila kijiji.

Kijiji cha kwanza kilitoa ushahidi katika karatasi zote tatu. Nilikuwa nimehudhuria mkutano uliojadili kumpa mwekezaji eneo la malisho. Watu walibishana tangu asubuhi hadi jua la mchana likawatawanya, na mpaka wa eneo haukukubaliwa. Muhtasari ulisema wajumbe walijadili kwa kina na kuridhia. Nilipomuuliza mtendaji, hakuona haya, wala sidhani alipaswa kuona. Alisema, "Mwalimu, wilayani wanataka uamuzi. Nikiwapelekea ugomvi watanirudishia faili na kuniuliza nafanya kazi gani huku." Katika sura, mkutano ulikuwa ukurasa wa thelathini na tano, muhtasari ukurasa wa arobaini, na maneno ya mtendaji yalikuwa kwenye tanbihi. Nilipoviweka pamoja vikajaza kurasa mbili, na sikuhitaji kueleza kitu.

Kijiji cha pili kilinitia aibu. Katika tasnifu nilikuwa nimeandika kwamba huko mihutasari iliandikwa kwa mikutano ambayo haikufanyika. Nilipotafuta ushahidi wa kuweka kwenye karatasi nikakuta nina mtu mmoja aliyeniambia hivyo, aliyekuwa ameshindwa uchaguzi wa kitongoji na mwenye ugomvi na mwenyekiti. Katika urefu wa sura, mtu huyo alikuwa amezungukwa na maelezo mengi ya kilimo cha ufuta na ukoo wa viongozi kiasi kwamba si mimi, wala msimamizi wangu, wala watahini waliogundua kwamba dai zima linamtegemea yeye. Urefu ulikuwa umeficha wembamba. Nikaliondoa dai hilo kwenye makala, na kijiji cha pili kikabaki katika aya moja juu ya mambo niliyoyaona mwenyewe. Ndiyo maana siku hizi humwambia mwanafunzi anayeogopa kukata kwamba asiogope kitakachopotea. Aangalie kitakachobaki bila nguzo.

Kijiji cha tatu kilifanya kinyume. Nilikuwa nimekiita kighairi. Huko muhtasari uliandika ubishi wote, kwa majina ya waliosema, kurasa tisa za mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu. Katika tasnifu nilisema kwamba dai langu lina mipaka na kijiji cha tatu ndicho mpaka, na nikaeleza jambo hilo kwa bidii ya mwalimu huyo. Ilipofika karatasi ya tatu, ile ya anayesoma, nikajiuliza kurasa tisa zile zilipelekwa kwa nani. Zilipelekwa wilayani, katika mgogoro wa mpaka na kijiji jirani. Kijiji kilitaka wilaya ijue kwamba watu wake wamekasirika. Ubishi uliandikwa kwa sababu safari hii ulikuwa na faida kuonekana. Kwa hiyo kighairi changu hakikuwa kighairi. Kilikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu kilionyesha kwamba msomaji wa wilayani anaamua kinachoandikwa hata pale kinapoandikwa kingi. Miaka minne nilikuwa nimekaa na maandishi yale bila kuliona hilo, kwa kuwa sura ilikuwa imekifungia kila kijiji katika chumba chake.

Nikakipeleka kijiji cha tatu mwishoni mwa ushahidi, cha kwanza kikafungua, na dai likabadilika kidogo. Sikusema tena kwamba mihutasari hufuta ubishi. Nilisema kwamba huchuja, na nikasema kwa kipimo gani.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya fundi. Nilisoma nikitafuta mabaki ya tasnifu: "kama tulivyoona katika sura ya pili", "kama itakavyoelezwa baadaye", istilahi nilizozifafanua katika kurasa ambazo hazipo tena. Nilikuta kumi na saba. Ikisiri niliiandika mwisho, na sentensi yake ya kwanza ikawa dai. Nilimwandikia mhariri barua kueleza kwamba makala inatokana na tasnifu ambayo imewekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo, na ni sura ipi. Majarida mengi hayana tatizo na hilo, ila programu za kukagua unakili zitaionyesha tasnifu yako kama chanzo, na ni afadhali mhariri alisikie kutoka kwako kabla ya kuliona kwenye skrini.

Jarida la pili liliipeleka makala kwa wapitiaji wawili. Wa kwanza alitaka maelezo zaidi juu ya jinsi nilivyoandika daftari langu mkutanoni, na alikuwa na haki. Wa pili aliuliza Ujamaa uko wapi. Nilicheka peke yangu ofisini. Zamani ningemrudishia elfu saba zote kwa shukrani. Nilimjibu katika barua ya marekebisho kwamba mazoea ya kijiji kuiandikia serikali iliyo juu yake yana historia ndefu tangu Operesheni Vijiji, nikaongeza sentensi tatu katika mjadala zinazosema hivyo, na nikaeleza kwa nini sikuongeza ya nne. Mhariri aliridhika. Makala ilitoka na maneno elfu saba mia tisa na kitu.

Kuna kitu kimoja nilichokikata ambacho kiliniuma, nacho si Azimio la Arusha. Katika elfu saba za historia mlikuwa na kurasa tatu za bibi mmoja wa kijiji cha kwanza aliyehamishwa mwaka 1974 akiwa na mtoto mgongoni. Alinisimulia mkutano ambamo waliambiwa watahama. Alisema kila mtu alinyamaza, na kwamba miaka mingi baadaye mtu wa serikali alimsomea karatasi iliyosema wananchi walikubali kwa furaha. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, na wewe karatasi yako itasema nini?" Niliipitisha hadithi yake kwenye swali lile lile la penseli. Ilihusu muhtasari, ilihusu ukimya, ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichokuwa nacho. Lakini sikuwa nimeiona karatasi hiyo, na sikuwa na njia ya kuitafuta. Niliyekuwa nimemwondoa shahidi mmoja wa kijiji cha pili kwa sababu alisimama peke yake, sikuweza kumwacha bibi kwa sababu tu nilimpenda.

Nilizihifadhi kurasa hizo tatu katika faili lao. Mwaka jana nilikwenda kwenye nyaraka za mkoa kutafuta taarifa za Operesheni za mwaka ule, nikapewa mafaili mawili yaliyoliwa na mchwa pembeni na kuahidiwa la tatu. Mwanafunzi wangu aliponiuliza kama nilijuta kumkata bibi nilimwonyesha faili. Kisha tukarudi kwenye sura yake ya tano, nikampa penseli, akaanza kuandika pembeni mwa aya ya kwanza.